Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji: mabomba yaliyolundikwa uani bado si maji

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Jedwali la malipo katika rasimu ya mkataba wa kisima cha shule na kituo cha afya

Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule ya sekondari ya bweni ambayo halmashauri yetu inataka kuichimbia kisima. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkadiriaji majenzi, miaka mingine upande wa serikali, mingine upande wa wakandarasi. Rasimu ya mkataba ilipoletwa kwenye bodi, wenzangu walibishana kuhusu mahali pa kusimamisha mnara wa tangi. Mimi nilikwama kwenye ukurasa wa malipo, na nimeona heri niandike hadharani kwa sababu mkataba bado haujasainiwa.

Bei ya kazi ni shilingi milioni 120. Rasimu inasema mkandarasi atalipwa asilimia 30 akisaini, asilimia 40 vifaa vikifika eneo la kazi, asilimia 25 kazi ikikamilika, na asilimia 5 siku ya makabidhiano. Ukiitazama haraka inaonekana ni malipo kwa hatua. Sasa tupige hesabu. Akishasaini na kushusha vifaa, ameshachukua milioni 84. Kwa bei za jedwali lile lile la kazi, vifaa vyenyewe ni mabomba ya milioni 12, pampu na sola za milioni 20 na matangi ya milioni 6, jumla milioni 38. Siku hiyo akizima simu, sisi tutabaki na lundo nyuma ya jiko la shule na pengo la milioni 46, wakati ardhi haijatobolewa hata mita moja. Pampu itakuwa imenunuliwa kabla hatujajua kisima kitatoa maji kiasi gani, na pampu huchaguliwa kwa kufuata kisima.

Wakandarasi hawapangi malipo hivi kwa bahati mbaya. Nilipokuwa upande wao nilikuwa mmoja wa wanaoyapanga: unanenepesha bei za kazi za mwanzo, unaomba hatua ambazo lori likifika tu zimetimia, na mwisho unaacha makombo ambayo hata yakipotea hayaumi.

Ninachopendekeza ni kila malipo yafungwe kwenye kitu kilichokamilika, kilichopimwa na kinachoweza kuonekana. Kazi hii inagawanyika vizuri yenyewe: kisima milioni 24, pampu, sola na kibanda milioni 28, mnara na matangi milioni 30, mabomba ya kilomita 3 yakiwa yamelazwa, milioni 20, vituo vya kuchotea maji milioni 12, michoro ya kazi kama ilivyojengwa, vipuri na mafunzo ya mwendesha pampu milioni 6. Ni hatua sita. Usizifanye kumi na tano, maana mhandisi wetu ana gari moja na kata zote zinamgombania. Kila hatua inahitaji afike, apime, asaini.

Lakini kugawa tu hakutoshi kama maneno ya hatua ni mabovu. Chukua kisima. Rasimu ikisema “uchimbaji kukamilika”, mchimbaji atatoboa mita zake, atapuliza maji kwa kompresa saa moja, yataruka juu kama chemchemi, kila mtu atapiga makofi, kisha ataandika lita kwa saa anazozitaka. Kompresa inatoa makisio tu. Kipimo cha kweli ni kushusha pampu ya majaribio, kuvuta maji kwa kasi moja saa 24 huku mtu akipima kina cha maji kwa utepe, halafu kuzima na kuandika maji yanavyopanda kurudi. Kina kikiendelea kushuka mpaka saa ya mwisho bila kutulia, kisima hakiwezi kasi hiyo, hata kama saa ya kwanza maji yalikuwa mengi.

Mahitaji yetu yanahesabika. Wanafunzi 600 kwa lita 25 kila mmoja ni lita 15,000 kwa siku, weka lita 5,000 za kituo cha afya, zinakuwa 20,000. Tukitegemea saa 6 za jua la kusukuma pampu, kisima kinatakiwa kitoe walau lita 3,400 kwa saa. Basi hatua ya kwanza iandikwe hivi: kisima kimejengewa bomba la ndani na kufunikwa, kimepimwa saa 24 mbele ya mhandisi, na majibu ya maabara yamekabidhiwa, floridi ikiwa haizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hiyo ya floridi isidharauliwe. Waliokulia Arusha wanajua meno ya kahawia yanatoka wapi.

Hapa lazima niwatetee wakandarasi, nisije nikaonekana mkwe mbaya. Mahali pa kuchimba palichaguliwa kwa utafiti ulioagizwa na halmashauri. Mchimbaji akitoboa hapo hapo, kwa kina kile kile, akakuta pakavu au maji yasiyofaa, hilo si kosa lake. Ukimwambia hakuna maji hakuna hela, atafanya moja kati ya mawili: atapandisha bei ya kila kisima kufidia vikavu, au atadanganya kwenye fomu ya vipimo. Kwa hiyo shimo kavu lilipwe kwa mita iliyochimbwa, kwa bei iliyoandikwa tangu mwanzo, na hatua zinazofuata zisimame mpaka tuamue. Kumfunga mtu kwenye matokeo kuna maana pale tu ambapo matokeo yako mikononi mwake.

Kwenye mabomba mambo ni kinyume, yote yako mikononi mwake. Hatua isiandikwe “kulaza na kufukia”, kwa sababu kikishafukiwa hakuna atakayejua mtaro ulikuwa na kina gani. Iandikwe kwamba kila kipande kimejazwa maji na kupimwa presha kikiwa wazi, kwa mara moja na nusu ya presha ya kazi, ndipo kifukiwe. Nimesimama mara nyingi kwenye mitaro hiyo. Unafunga geji mwishoni mwa bomba, fundi anapampu kwa mkono, mshale unapanda, anafunga koki. Mkichuchumaa pale saa nzima na mshale umetulia, mnaondoka. Ukianza kuteleza taratibu, mnatembea juu ya mtaro mkitafuta udongo uliolowa, na mara nyingi mnaukuta kwenye maungio.

Sasa fedha ya mwanzo na fedha ya zuio, ile ambayo saiti wanaiita ritensheni. Malipo ya awali yapunguzwe yawe asilimia 15, yaani milioni 18, yatoke dhidi ya dhamana ya benki, na yarudishwe kidogo kidogo kwa kukatwa asilimia 15 kwenye kila hatua. Zuio liwe asilimia 10 ya kila hatua. Kisima kikikubaliwa, thamani yake ni milioni 24; toa milioni 3.6 za malipo ya awali, toa milioni 2.4 za zuio, mkandarasi anapokea milioni 18. Hatua zote sita zikiisha atakuwa amepata milioni 18 za awali na milioni 90 za hatua. Milioni 12 ziko kwetu. Nusu yake, milioni 6, apewe siku ya makabidhiano. Nusu nyingine ikae miezi 12 ya matazamio, aipokee mhandisi akithibitisha kwamba kasoro zote zilizoandikwa zimerekebishwa.

Utasema asilimia 5 ya rasimu nayo si ni milioni 6? Ni kweli, ila hiyo inalipwa siku ya makabidhiano, siku ambayo kila kitu ni kipya na kinang'aa. Kasoro za maji huja masika, udongo ukilegea na mtaro ukititia. Niliwahi kufanya kazi na mkandarasi, jina lake silitaji, aliyekuwa ameachiwa zuio la milioni 4.5 kwenye mradi wa kijiji. Mwezi wa nne bomba kuu likapasuka sehemu mbili. Alikaa na mimi ofisini na kalkuleta: gari, mafundi wanne siku sita, mabomba mapya, posho, ikafika milioni 7. Akafunga faili, akasema, “Hizo nne na nusu wabaki nazo.” Kijiji kikarudi mtoni. Ndiyo maana kiasi cha zuio hupimwa kwa kuuliza matengenezo ya kawaida ya kazi husika yatagharimu nini. Hapa kwetu kung'oa pampu, kurekebisha maungio na kubadili koki sidhani kama kutapita milioni 6. Mradi wa mabomba ya kilomita 20 ungetaka hesabu nyingine.

Upande wa pili wa zuio ndio unaonitia aibu zaidi, kwa sababu ni wetu. Wakandarasi wadogo wanajua fedha hiyo huwa hairudi, kwa hiyo wanaiweka juu ya bei tangu zabuni, na sisi tunainunua mara mbili. Tukisaini Januari kwa kazi ya miezi mitano, makabidhiano yataangukia Juni, na mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Nusu ya pili ya zuio itadaiwa Juni ya mwaka unaofuata, katika bajeti ambayo mradi huu haumo tena. Naomba kila zuio likikatwa lihamishiwe siku hiyo hiyo kwenye akaunti ya amana kwa jina la mkataba, na mkataba uruhusu mkandarasi, baada ya makabidhiano, kuleta dhamana ya benki na kuchukua fedha yake taslimu kama anaihitaji.

Na muda. Rasimu haisemi mhandisi ana siku ngapi za kukagua hatua iliyotangazwa kukamilika. Mkandarasi mwenye mtaji mdogo akisubiri miezi miwili, mafundi wake wanahamia saiti nyingine, na mtaro ulioachwa wazi unajaa tope. Andikeni siku 7 za kukagua na kukubali au kukataa kwa maandishi yenye sababu, na siku 28 za kulipa tangu hati ya malipo isainiwe.

Naomba ukurasa huo urudi Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi kabla ya kusainiwa. Niko tayari kukaa na mhandisi siku yoyote atakayopenda. Nitakuja na jedwali nililoliandika upya kwa mkono, karatasi mbili tu.

Wako katika ujenzi wa halmashauri,

Mjumbe wa bodi ya shule, mkadiriaji majenzi mstaafu