Mtoto akichati na akili unde kwa agizo la shule, mzazi aulize nini?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wazazi wenzangu wa Mombasa. Wanajua kazi yangu ni kutunza mifumo ya kompyuta, kwa hivyo hunisimamisha langoni mwa shule tukienda kuwachukua watoto na hunipigia simu jioni. Watoto wao wa Gredi ya 6 na ya 7 wanakuja nyumbani na kazi za kufanywa kwa ChatGPT, au kwa Meta AI iliyo ndani ya WhatsApp, na wazazi wana wasiwasi ambao naona una msingi.

Swali linalotangulia ni hili: programu hizi zinachukua nini kwa mtoto?

Kuna yale yanayoingia hata mtoto asipoandika neno: barua pepe au nambari ya simu iliyofungulia akaunti, aina ya simu, saa za matumizi, na anwani ya intaneti inayoonyesha kwa kukadiria yuko sehemu gani. Wazazi wengi huishia kuogopa hayo. Mimi naogopa zaidi maneno anayoyaandika mtoto mwenyewe, picha anazopakia na sauti anayorekodi.

Chukulia msichana wa miaka 12 aliyeambiwa aandike insha kwa msaada wa programu hiyo. Anaichukua simu ya mamake na kuandika: "Nisaidie insha ya siku nisiyoisahau. Mimi niko Gredi 7 shule ya hapa Bombolulu. Siku hiyo pumu ilinibana nikapelekwa hospitali na nyanya, kwa sababu mama huwa kazini Nyali mpaka usiku na baba alihama, anaishi Mtwapa na mke mwingine." Ni sentensi tatu za mtoto anayetaka alama nzuri. Lakini ndani yake mna darasa lake, mtaa wake, maradhi yake, mtu anayebaki naye nyumbani, muda ambao mama hayupo na hali ya ndoa ya wazazi wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya, za ndoa na za familia, yakiwemo majina ya wazazi na watoto, katika kundi la data nyeti ambayo ina masharti makali zaidi. Hakuna aliyemdadisi mtoto huyu. Insha yenyewe ndiyo iliyomtoa maneno, na programu ikimjibu kwa upole na kumuuliza ilikuwaje, ataendelea kueleza kama anayeongea na shangazi.

Kwa WhatsApp, wazazi wajue jambo moja. Ujumbe unaomtumia jirani yako umefungwa, hata kampuni yenyewe haiusomi. Unaoiandikia Meta AI hauna kinga hiyo, kwa sababu kampuni ndiyo unayoiandikia. Mtu akiita @Meta AI ndani ya kundi la darasa, ujumbe ule aliouelekeza kwake unakwenda kwa kampuni.

Wengine wananiuliza: tukifuta mazungumzo, si yamekwisha?

Kwenye skrini, ndiyo, mara moja. Kwenye mitambo ya OpenAI, wenye ChatGPT, kampuni inasema yanaondolewa ndani ya siku 30, isipokuwa kukiwa na sababu za kisheria au za usalama. Sababu hizo hutokea kweli. Mwaka 2025 mahakama ya Marekani, katika kesi iliyoletwa na gazeti la New York Times, iliiamuru kampuni hiyo ihifadhi hata mazungumzo yaliyofutwa na watumiaji, na amri ikakaa kwa miezi kadhaa. Isitoshe, maneno yakishatumika kuifundisha programu, hakuna kitufe cha kuyachomoa tena.

Kwa akaunti ya kawaida ya ChatGPT, ya bure au ya kulipia, mafunzo hayo huwa yamewashwa mpaka uyazime mwenyewe. Fungua Settings, uingie Data Controls, uzime palipoandikwa Improve the model for everyone. Kitufe hicho kinazuia yajayo tu. Papo hapo kwenye Data Controls kuna Export data, inayokuletea nakala ya mazungumzo yote ya akaunti. Ninawashauri wazazi waiombe kabla ya kufuta chochote, waketi na mtoto waisome pamoja, bila kumgombeza. Mtoto aliyegombezwa atachatia mahali usipopaona.

Kuna suala la umri ambalo naona shule zinalipita kimya. Masharti ya ChatGPT yanataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, na aliye chini ya miaka 18 awe na ruhusa ya mzazi. Watoto wengi wa Gredi ya 6, na wengi wa Gredi ya 7 mwanzoni mwa mwaka, hawajafika miaka 13. Mwalimu anapowaagiza wafungue akaunti, mtoto anabaki na njia mbili: atumie akaunti ya mzazi, au adanganye mwaka wa kuzaliwa. Akidanganya kwamba ana miaka 20, huenda programu ikamchukulia kuwa mtu mzima, na zile kinga zilizowekewa vijana, pamoja na uwezo wa mzazi kuunganisha akaunti yake na ya mtoto, zinakosa pa kushika. Akitumia ya mzazi mambo ni hayo hayo.

Je, shule inaweza kusema kwamba simu ni ya mzazi, hivyo jukumu si lake?

Mimi sikubaliani na jibu hilo, na nimelisikia. Sheria yetu inamwangalia anayeamua data itumike kwa nini na kwa njia gani. Shule ikiamua kuwa kazi ifanywe kwenye programu fulani, haiwezi kunawa mikono kwa kuwa bando amelinunua mzazi. Kifungu cha 33 kinasema data ya mtoto isishughulikiwe bila idhini ya mzazi au mlezi, na ishughulikiwe kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Idhini yenyewe iwe ya wazi, ya hiari, na ya jambo mahususi ambalo mzazi ameelezwa. Ile fomu ya kujiunga na shule uliyotia saini miaka mitatu iliyopita, yenye mstari wa kukubali kanuni zote, haijakueleza lolote kuhusu programu ya kuchati. Kunyamaza kwako kwenye kundi la darasa pia si idhini.

Swali ambalo hakuna mzazi aliyeniuliza, na naona ndilo kubwa kuliko yote, ni kuhusu mwalimu. Mwisho wa muhula mwalimu ana darasa la watoto hamsini na zaidi, na kila ripoti inataka maoni. Anaipiga picha karatasi ya alama, au anapakia faili yote, na kuiambia programu imwandikie maoni ya kila mtoto. Simlaumu, kazi ni nyingi. Lakini karatasi ile ina majina matatu ya kila mtoto, nambari yake ya UPI inayomtambulisha kama mwanafunzi, pengine nambari ya simu ya mzazi, na maelezo kama "karo haijakamilika" au "haoni vizuri ubaoni". Kwa dakika moja, data ya darasa zima imeingia kwenye akaunti ya mtu binafsi ambayo shule haiwezi kuikagua wala kuifuta. Mwalimu akihamishwa kesho kwenda kaunti nyingine, anaondoka nayo.

Dawa yake haihitaji pesa. Mwalimu aandike A1, A2, A3 badala ya majina, aondoe safu za UPI, simu na karo, apakie alama tupu, kisha aoanishe nambari na majina kwa mkono kutoka orodha iliyo ofisini. Maoni anayopata ni yale yale. Hata hivyo asiache maelezo yanayomtambulisha mtoto: darasa likiwa na mmoja tu anayetembelea kiti cha magurudumu, kumwita A17 hakumfichi.

Basi kwenye mkutano wa wazazi tuulize nini?

Anzeni na akaunti. Ni ya shule au ya mtu binafsi? Akaunti zinazouzwa kwa taasisi za elimu, kama ChatGPT Edu, huwa hazitumii mazungumzo kufundishia programu isipokuwa taasisi yenyewe ikubali, na zina msimamizi anayeweza kuzifunga. Shule ikisema imenunua, iombeni ionyeshe mkataba unapotaja mafunzo, muda wa kuhifadhi na mahali data inapokaa. Shule nyingi hazina uwezo wa kununua, nalielewa hilo. Katika hali hiyo ombi la haki ni kwamba mwalimu aiendeshe programu mbele ya darasa kwenye kompyuta moja, watoto wachangie maswali, na asitajwe mtoto wala familia yoyote.

Kisha ulizeni kama kuna kanuni ya maandishi kuhusu walimu kupakia ripoti na orodha za alama. Usikubali "tumewaambia" peke yake. Omba kuiona.

Ulizeni pia mtoto ambaye mzazi amekataa, au aliyekubali kisha akaiondoa idhini, atapewa kazi gani badala yake. Kama jibu ni kwamba atakosa alama, idhini hiyo haikuwa ya hiari. Na data ikivuja, nani atawaambia wazazi? Sheria inaipa shule saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data tangu ijue. Mwisho ulizeni cheti cha usajili kutoka Ofisi ya Kamishna huyo, kwa sababu taasisi za elimu zinatakiwa kujisajili hata zikiwa ndogo. Shule inayouona usajili kuwa jambo geni haijafika kwenye maswali mengine.

Shule ikikataa kujibu, andika barua kwa mwalimu mkuu na nakala kwa bodi, ukiomba kwa niaba ya mtoto wako kuonyeshwa data yake inayoshikiliwa. Ombi hilo halilipiwi. Usipojibiwa, malalamiko yanapelekwa kwa Kamishna, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Si vitisho vitupu: mwaka 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Barua iwe na tarehe, na nakala yake igongwe muhuri wa shule siku unapoiwasilisha. Bila muhuri huo utakosa pa kuanzia ukifika kwa Kamishna.

Mzazi,
Kisauni, Mombasa