Mbuzi ya nazi iitwe mbuzi, lakini iandikwe kwa uangalifu

Mhariri,

Nilisoma mapishi ya wali wa nazi katika ukurasa wenu wa jikoni, nikasoma pia barua mbili zilizofuata. Msomaji wa bara alisema hakuelewa kwa nini mapishi yasiyo na nyama yanaanza kwa kumwambia "andaa mbuzi". Msomaji wa pwani akamjibu kwamba asiyeijua mbuzi akajifunze Kiswahili kwanza. Nanyi mkafunga mjadala kwa kutangaza kwamba kuanzia sasa mtaandika "kifaa cha kukwangulia nazi". Naona wote watatu mmekosea, na kwa kuwa nimehariri vijitabu vya mapishi na lishe kwa miaka mingi, vya kusomwa Tanga na Mombasa na vilevile Mwanza na Nakuru, naomba nafasi nieleze.

Tuanze na kitu chenyewe. Mbuzi ni kigoda cha mbao mbili zilizopishana, kinachokunjuliwa na kukunjwa kama marufaa ya kusomea msahafu. Ubao mmoja ndio wa kukalia. Kwenye ncha yake kumechomekwa chuma bapa chenye meno, kimejitokeza mbele kama ulimi. Mkunaji hukaa juu yake, akatega bakuli au sinia chini ya chuma, akashika kipande cha nazi kwa mikono miwili na kukizungusha kwenye meno, akianzia ukingoni na kuingia ndani polepole. Huacha pale weupe unapoisha, kwa sababu akifikia ganda la kahawia tui litaharibika rangi. Chombo hutulizwa na uzito wa mwili uliokalia ubao. Mikono haina haja ya kukandamiza chombo. Ndiyo maana "kifaa cha kukwangulia" hakitoshi. Msomaji wa bara akilisoma jina hilo atachukua kile cha bati cha kukwangulia karoti, ambacho kinashikwa kwa mkono mmoja, na kwa hicho itambidi kwanza aibandue nyama ya nazi kutoka kwenye kifuu, ajikate vidole, kisha apate vipande vinene visivyotoa tui la maana. Mmepata jina ambalo kila mtu analielewa, ila analielewa kuwa kitu kingine.

Pwani chombo hiki huitwa mbuzi, na wengine husema kibao cha mbuzi. Mama yangu alitumia majina yote mawili, akisema la kwanza alipokuwa na haraka. Nilipoanza kazi nilidhani kibao cha mbuzi ndilo jina salama zaidi kwa wasomaji wengi, kwa kuwa linaongeza neno la kufafanua. Nikaliweka katika rasimu ya kijitabu na kumpa jirani yangu, mama aliyekulia Dodoma na kuhamia kwetu ukubwani. Alisoma akaniuliza, "Dada, hiki kibao ni kile wanachokatia nyama choma?" Hakuwa mjinga hata kidogo. Huko alikokulia, kibao na mbuzi ni maneno anayoyajua vizuri, na ukiyaweka pamoja yanaleta ubao wa kukatia nyama ya mbuzi. Neno nililoliongeza ili kumsaidia ndilo lililompoteza.

Nikarudi kwenye mbuzi peke yake, nikitegemea sarufi. Wenye lugha yao wanajua kwamba mnyama na chombo hutenganishwa na upatanisho: mbuzi wangu anakula majani, mbuzi yangu imevunjika. Kamusi nazo huingiza neno hili mara mbili, mara moja kwa mnyama na mara moja kwa chombo. Katika kijitabu kile niliandika hivi: "Ukimaliza, ioshe mbuzi yako, uikaushe juani, kisha uikunje na kuihifadhi." Rasimu ikaenda kwa msahihishaji mmoja, mtu makini aliyesomea lugha, ambaye hakuwahi kuishi pwani. Aliona makosa matano ya upatanisho katika sentensi moja, akayarekebisha yote. Kijitabu kikatoka na maneno haya: "Ukimaliza, mwoshe mbuzi wako, umkaushe juani, kisha umkunje na kumhifadhi." Tulikuwa tumekwisha kugawa nakala kabla sijaliona. Liliniumiza sana, kwa sababu msomaji anayejifunza kupika kwa maandishi hana mtu wa kumuuliza, na sisi tulimpa sentensi isiyotendeka.

Lakini hapo ndipo nilipojifunza kwamba sarufi hainilindi kama nilivyodhani. Kwanza, katika wingi tofauti hupungua, maana watu wengi husema mbuzi zangu hata kwa wanyama. Pili, katika Kiswahili cha miji mingi ya bara, Nairobi kwa mfano, utasikia mbuzi yangu akikusudiwa mnyama mwenyewe. Kwa msomaji aliyezoea hivyo, ile "ya" ambayo mimi naiona kama alama iliyo wazi haimwambii lolote.

Watu wengi wakifika hapa husema: basi tufuate Kiswahili sanifu, shauri liishe. Haliishi. Usanifu ulijengwa juu ya Kiunguja, kwa uamuzi uliofikiwa Mombasa mwaka 1928, na Kiunguja ni lugha ya watu wanaokuna nazi. Kwa hiyo mbuzi ni neno sanifu kabisa, na bado msomaji wenu wa bara hakulielewa. Usanifu unatuambia neno gani ni halali kuandikwa. Kama neno hilo litafika salama kwa mtu asiyekula nazi, hilo halimo ndani yake.

Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: msomaji asipolijua neno, atafanya nini? Kuna neno ambalo msomaji halijui kabisa. Akikutana nalo atasimama, atauliza au atatafuta. Kuna neno ambalo analijua kwa maana nyingine. Hilo hatasimama, ataendelea na kufanya kosa bila kujua. La pili ndilo la kuogopwa.

Chukueni kifumbu. Ni kikapu kidogo kilichosukwa, cha kuchujia tui. Bara wengi hawajawahi kulisikia neno hili, nami nimeshauriwa mara kadhaa niandike chujio badala yake. Ninakataa. Kifumbu hutiwa nazi iliyokunwa na kulowekwa, kisha hukamuliwa kwa mikono mpaka chicha zibaki kavu. Chujio analolijua msomaji ni la chai. Ukimwaga nazi humo, tui jepesi litapita na zito litabaki na chicha, kwa kuwa hakuna cha kukamua. Anayesoma kifumbu atauliza ni nini, nami nitamjibu hapohapo: "kifumbu, yaani kikapu kidogo cha kukamulia tui, kama huna, tumia kitambaa safi chepesi." Kitambaa kiko kila nyumba, nacho hukamulika. Neno la pwani limebaki, na mpishi wa Nakuru amepata tui lake.

Sasa linganisheni na pilipili hoho. Bara, Tanzania na Kenya, hoho ni ile kubwa ya kijani isiyowasha, ya kukatwa vipande na kuungwa na nyanya. Kwa matumizi ya zamani ya pwani, na katika kamusi za zamani, pilipili hoho ni ile inayowasha, na kubwa isiyowasha Unguja huiita pilipili boga. Jina ni moja, mboga ni mbili, na hakuna msomaji atakayesimama kuuliza, kwa sababu kila mmoja ana uhakika. Mwandikie mama wa bara mapishi ya mzee wa pwani yanayotaka hoho mbili, atatia kubwa mbili za kijani na kushangaa mchuzi umepoa. Mapishi ya bara yanayotaka hoho tatu, akiyapika mtu wa pwani anayelijua neno kwa maana ya kwao, watoto hawatakula. Hili ndilo neno ambalo ningelitoa kabisa katika maandishi ya wasomaji wengi, ingawa kila mtu analijua. Naandika "pilipili kali" au "pilipili kubwa isiyowasha", na sijali kwamba ni maneno matatu.

Kwa kipimo hichohicho, mbuzi iko katikati. Ikiachwa peke yake inaweza kupoteza. Ikifungwa na kazi yake haiwezi. Hakuna mnyama wa kukunia nazi popote, bara wala pwani. Kwa hiyo inapotajwa mara ya kwanza iandikwe kwa ukamilifu, na ielezwe inavyokaliwa, kwa kuwa hapo ndipo ilipo tofauti yake na cha karoti. Baada ya hapo iitwe mbuzi, kwa umoja, na kila mara karibu yake kuwe na nazi, au meno, au kukuna, ili hata aliyezoea kumwita mnyama "mbuzi yangu" asiyumbe.

Nilifikiri pia juu ya kikunio. Limeundwa vizuri, na mtu akilisikia atakisia maana. Lakini sijawahi kumsikia muuzaji akilisema, na msomaji wetu siku moja ataingia dukani au sokoni kutaka kununua. Akiomba mbuzi ya nazi, sokoni Tanga au Kariakoo, ataoneshwa. Jina tunalolichapisha lazima liwe ni lile litakalomsaidia mbele ya muuzaji.

Hivi ndivyo ningeyaandika mapishi yenu, kwa ruhusa yenu:

"Pasua nazi mbili. Zikune kwa mbuzi ya kukunia nazi, yaani kigoda cha kukalia chenye chuma cha meno mbele, huku bakuli likiwa chini ya meno. Usifikie ganda la kahawia. Kama huna mbuzi ya nazi, bandua nyama ya nazi, ikate vipande vidogo na uisage kwa mashine ya kusagia pamoja na maji ya uvuguvugu. Kamua kwa kifumbu au kwa kitambaa safi chepesi, uweke tui zito kando. Ukamue tena kwa maji mengine upate tui jepesi la kuanzia kupika wali."

Ni sentensi chache zaidi ya zenu. Naomba msahihishaji wenu apewe maelezo kwamba "ya" katika "mbuzi ya" isiguswe, kwa maandishi, pembeni mwa rasimu. Na ile picha ya sahani ya wali mliyoiweka juu ya ukurasa, pangeni badala yake picha ya mbuzi yenyewe imekunjuliwa, karibu na sentensi inayoitaja. Wali kila mtu anajua unavyofanana.

Msomaji wenu,
Tanga