Kabla hujaagiza lenzi za macho za 20x

Wiki iliyopita mteja mmoja wa maabara ya kituo cha afya alitupigia akitaka lenzi za macho za 20x za hadubini yake, zile unazochungulia kwa juu, badala ya zake za 10x. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: 100 za lenzi iliyo karibu na slaidi mara 20 ni ukuzaji wa 2000, basi bakteria wa kifua kikuu wangeonekana vizuri zaidi. Tulimkatalia.

Ubavuni mwa lenzi hiyo ya 100, inayogusa tone la mafuta juu ya slaidi, pameandikwa 100/1.25. Namba yenye kazi ni hiyo ya pili, inayoonyesha lenzi inapokea mwanga kwa upana gani. Chukua urefu wa wimbi la mwanga wa kijani, nanomita 550, zidisha kwa 0.61, gawanya kwa 1.25. Unapata takriban nanomita 270. Nukta mbili zilizokaribiana kuliko hapo zitaonekana moja tu, ukuze utakavyo. Kwa 2000x angepata ukungu mkubwa zaidi, basi. Tena hiyo ni kama mafuta yamewekwa.

Tulipomuuliza zaidi, ikawa bakteria anawaona. Wana urefu wa mikromita 2 hadi 4, na wakipakwa rangi ya Ziehl-Neelsen hadubini ya kawaida inawatosha. Kinachomchosha ni kuwatafuta kwenye slaidi ya makohozi yenye bakteria wachache. Hapo dawa ni floresensi: slaidi inapakwa auramini, inamulikwa kwa taa ya LED ya bluu, na bakteria wanang'aa kijani-manjano kwenye giza. Unawasaka kwa 400x, ambapo eneo unaloliona kwa mara moja ni takriban mara sita ya lile la 1000x. Ajabu yake, lenzi ya 40/0.65 inatenganisha vibaya zaidi, karibu nusu mikromita, lakini kitu king'aacho gizani hakijifichi. Angalizo: rangi hufifia, kwa hiyo slaidi zikae gizani, na uchafu nao huweza kung'aa, kwa hiyo kagua umbo kabla ya kuandika majibu.

Akauliza pia kuhusu mkojo. Vimelea vya trikomonasi vikiwa hai havina rangi, na watu wengi hufunga kiwambo cha mwanga ili vionekane. Vinaonekana kweli, ila unapoteza undani. Fezi kontrasti, mbinu inayofanya kitu kisicho na rangi kionekane kwa tofauti ya weupe na weusi, inafaa zaidi, ingawa utenganishaji wake haupiti ule wa hadubini ya kawaida. Sampuli iwe nyembamba, na pete mbili zilizo ndani ya hadubini zilaliane sawasawa. Zikihama, picha hupoteza kina na kuwa ya kijivu.

Virusi vingi, kama kile cha korona chenye takriban nanomita 100, vinahitaji hadubini ya elektroni, inayotenganisha chini ya nanomita moja. Sampuli hukaa ndani ya ombwe, na tishu hukatwa vipande vyembamba kuliko nanomita 100, kwa hiyo kilicho hai hakitazamwi humo. Hizo hatuuzi.

Mteja wetu alichukua taa ya bluu na chupa ya mafuta. Ukitupigia, tusomee kwanza maandishi ya ubavuni mwa lenzi.