Kabla ya kulipia sofa, pima mto wake kwa mzani

Sofa mpya karibu zote ni laini zikiwa dukani. Hata sponji hafifu hukubeba vizuri kwa dakika tano. Tofauti huja baada ya miezi kadhaa, pale unapokaa kila siku panapobonyea na kubaki hivyo. Ndiyo maana tunamshauri mteja aje na mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia mabegi ya safari.

Uimara wa sponji hutegemea densiti, yaani kilo zilizomo katika mita moja ya ujazo. Densiti si ugumu: sponji linaweza kuwa gumu mkononi na bado likawa jepesi, nalo litapondeka mapema. Kwa mto wa kukalia kila siku, sisi hatushuki chini ya kilo 30. Mgongoni 20 hadi 25 hutosha, kwa kuwa hapabebi mwili mzima.

Chukua mto wa sentimita 60 kwa 60, unene 15. Zidisha 0.6 × 0.6 × 0.15, unapata mita za ujazo 0.054. Fungua zipu, toa sponji, litie kwenye mfuko na ulipime. Likiwa na kilo 1.7, gawanya kwa 0.054: densiti ni kama 31, chukua. Likiwa na kilo 1 tu, densiti haifiki 19, na hilo halifai kukaliwa kila siku hata muuzaji aliite haidensiti.

Ila mzani una mtego wake. Ukisoma kilo 4, usifurahi. Huenda ni sponji la vipande vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Utalitambua kwa madoa ya rangi mchanganyiko. Ni zito na gumu, na likikaliwa peke yake huchosha makalio. Linafaa kama tabaka jembamba la chini.

Mito ya mgongo iliyojazwa faiba ni mizuri kuegemea, lakini faiba hujikusanya chini. Mto uliogawanywa vyumba kwa ndani hukaa sawa muda mrefu zaidi, na bado utahitaji kuukung'uta mara kwa mara.

Halafu toa mito yote, ubonyeze sehemu iliyo chini yake kwa kiganja. Kama mikanda imelegea, hata sponji zuri litazama. Nyanyua mguu mmoja wa mbele kama sentimita 15. Mguu wa mbele wa pili ukibaki sakafuni, fremu inajipinda. Sababu kubwa ni mbao mbichi, ambazo hukauka zikiwa tayari ndani ya sofa, zikasinyaa na kulegeza viungo. Omba kitambaa cha chini kifunguliwe upande mmoja. Pembeni unataka kuona vipande vya mbao vya pembetatu vilivyofungwa kwa gundi na skrubu. Pembe iliyoshikwa na pini za stepula peke yake itaanza kulia kila mtu anapokaa, na kuirekebisha maana yake ni kuvua kitambaa chote.