Kamusi imelionea neno “tu”

Ndugu Mhariri,

Bila shaka unaikumbuka habari yenu kuhusu kamusi mpya ya wanafunzi, ile iliyopewa karibu nusu ukurasa pamoja na picha ya vijana walioshika nakala zao. Mwandishi wenu aliusifu ufupi wa maelezo yake na kutoa mfano wa neno “tu”, lililomalizwa kwa mstari mmoja: “peke yake, bila ya kingine”. Akaongeza kuwa maneno madogo hayahitaji maelezo marefu. Nilianza kufundisha Kiswahili kabla Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI haijatoka mwaka 1981, na gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia neno. Safari hii nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu mstari huo mmoja umeshaingia nyumbani kwangu.

Mjukuu wangu yuko Darasa la Saba. Katika mtihani wa majaribio aliulizwa: “Katika sentensi ‘Mtoto analia tu’, neno ‘tu’ lina maana gani?” Majibu ya kuchagua yalikuwa manne: peke yake, bila kukoma, sana, kidogo. Akachagua “bila kukoma”, akakoseshwa. Nikaenda shuleni. Mwalimu wake, kijana mwenye adabu, aliniamkia vizuri, akanipa kiti, kisha akafungua kamusi na kuniwekea kidole kwenye mstari. “Mzee, jibu ni peke yake. Kamusi ndivyo inavyosema.” Nikamwomba aiandike ubaoni sentensi hiyo kwa jibu lake: “Mtoto analia peke yake.” Nikamwuliza, huyu mtoto yuko na nani? Akasema hayuko na mtu. Basi si sentensi ile tena! Mtoto anayelia tu anaweza kuwa mgongoni mwa mama yake, kazungukwa na shangazi watatu wanaombembeleza.

Nilimweleza hivi, nami nawaeleza ninyi. Mama yuko zahanati, muuguzi anamwuliza kama mtoto anatapika au anaharisha. Anajibu, “Hapana, analia tu.” Hapo “tu” inafuta dalili nyingine zote na kubakiza kilio. Usiku wa manane mama huyo huyo anamwambia jirani, “Tangu saa mbili mtoto analia tu.” Hapa hakuna dalili inayofutwa, anachosema ni kwamba kilio hakikatiki. Kesho yake mgeni anashtuka kusikia mtoto analia, mama anamtuliza, “Mwache, analia tu,” yaani hana linalomsumbua. Maneno ni yale yale mawili, na maana ni tatu. Aliyetunga swali hakutaja anayesema, anayeambiwa wala kilichotangulia, kwa hiyo swali lenyewe halikuwa na jibu moja. Mjukuu wangu alichagua maana ambayo ipo. Lililopewa alama ni jibu ambalo hapo haliwezi kukaa kabisa. Mtoto wa miaka kumi na tatu anaambiwa hajui lugha anayoiongea tangu aanze kutamka, na anayemwambia hivyo ni mstari wa kamusi uliofupishwa ili kitabu kiingie mfukoni. Halafu gazeti linausifu ufupi huo!

Maana ya kubagua, hiyo ya kamusi yenu, ipo kweli, wala sibishani nayo. Lakini hata yenyewe inategemea “tu” imekaa wapi. “Asha tu alipika wali” inawaondoa wapishi wengine. “Asha alipika wali tu” inaondoa mboga, au inaondoa kazi nyingine zote za siku ile: hakufua, hakufagia, alipika wali tu. Ipi kati ya hizo mbili, sentensi peke yake haisemi.

Sasa chukueni wakati ujao. “Atakuja tu.” Wekeni “peke yake” muone: “Atakuja peke yake”, yaani bila mwenzi, jambo ambalo hakuna aliyelisema. Hapa “tu” ina maana ya hata iweje, hata akichelewa, hata vikwazo viwe vingi. Na hiyo nayo inageuka kwa kinywa kinachoitamka. Mdaiwa akisema “Nitakulipa tu” anaomba avumiliwe, lakini mwenye deni akisema “Utanilipa tu” ni vema uanze kutafuta hela. Kando ya kitanda cha mgonjwa “Utapona tu” ni faraja. Tena, iambatanisheni na “alipo-”: “Alipofika tu, umeme ukakatika.” Imekuwa papo hapo. Iwekeni mbele ya mgeni anayesita mlangoni: “Ingia tu.” Hakuna aliyemkataza kufanya jingine zaidi ya kuingia, ameondolewa wasiwasi. Na mtu akiulizwa hali akajibu “Nipo tu”, sauti ndiyo itakayokwambia kama ameridhika au amechoka na dunia, na hiyo hakuna kamusi itakayoiandika. Nakubali hapo kamusi ina mpaka wake. Ila wakati wa kitenzi, amri, mahali pa neno katika sentensi, hivyo vyote vinaandikika.

Na kwa kuwa nimeanza, gazeti lenu nalo lina neno la kujibu. Kila wiki nasoma kwenu “Si tu alishinda, bali pia alivunja rekodi.” Nani amewahi kusikia bibi yake akisema hivyo? Kiswahili kinasema “Hakushinda tu, alivunja na rekodi.” Tunakanusha kitenzi, kisha “tu” inafuata nyuma yake. Angalieni pia kwamba msomaji akikatiwa sentensi kwenye “Hakuja tu” ataelewa kuwa mtu hakutokea, na bila sababu. Akipewa “Hakuja tu, alileta na mbuzi,” ataelewa kuwa mtu alikuja. Nukta na mkato tu ndivyo vinavyotenganisha kuja na kutokuja, na wahariri wenu wa habari wanachezea hapo hapo. Vijana wa michezo ndio wamezidi. Mashabiki wanaohojiwa uwanjani husema vizuri kabisa, kisha maneno yao yanatengenezwa mezani yakawa kama barua ya ubalozi.

Ninachopendekeza kinatekelezeka. Watunga kamusi waligawe ingizo la “tu” kulingana na kinachoongozana nalo: baada ya jina au idadi, baada ya kitenzi cha hali inayoendelea, baada ya wakati ujao, baada ya “-po-”, baada ya amri, na katika majibu ya salamu. Kila kifungu kipewe mfano wa mazungumzo ya mistari miwili, anayeuliza na anayejibu, si sentensi moja inayoelea. Watunga mitihani wakitaka kuuliza maana ya “tu”, waandike na sentensi inayofuata. Nanyi, kila Jumatatu mnachapisha mkeka wa kubeti robo ukurasa mzima. Toeni Jumatatu nne. Waombeni wasomaji wa Pemba, Mombasa, Kigoma na Lubumbashi walete sentensi zenye “tu” walizozisikia wiki hiyo, sokoni, ndani ya daladala au msibani, waandike nani alimwambia nani, mzichapishe bila kuzinyoosha, kisha mtume kurasa hizo kwa waliotoa kamusi ile.

Alama ya mjukuu wangu bado haijarudishwa. Mwalimu alisema atawasiliana na waliotunga mtihani. Nasubiri.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Muheza, Tanga