Mwanangu, kabla ya Ijumaa

Mwanangu mpenzi,

Nimefurahi kusikia kwamba ile hoteli ya Jinja imekuita. Uliponiambia kwenye simu kwamba ni siku moja tu ya jaribio, na watakulipa ya siku hiyo, nilikaa jikoni nikawaza hadi chai ikapoa. Nimesimama pande zote mbili za siku kama hiyo: nimejaribiwa, na baadaye kwa miaka mingi nimekuwa mimi ndiye ninayewatazama vijana wanaojaribiwa. Kwa simu nisingemaliza, ndiyo maana nakuandikia.

Wewe unawaza kwamba wataangalia unavyopika. Kwa siku moja hakuna shefu atakayekukabidhi sahani ya mteja. Utapewa vitunguu. Tuseme saa moja asubuhi umevaa aproni, shefu anakuletea ndoo ya vitunguu, kama kilo 5, anasema, "Kata hivi," halafu anaondoka. Hapo mtihani umeshaanza, na anakuona hata akiwa amekupa mgongo.

Mwite kabla hajafika mbali, umuulize, "Shefu, ni vya nini?" Vitunguu vya mchuzi na vya kachumbari havikatwi sawa. Kata kimoja, mwonyeshe: "Hivi ni sawa?" Akikubali, vilivyobaki vyote vifanane na hicho. Si kwa ajili ya urembo. Kwenye mafuta ya moto kipande chembamba kinaungua wakati kinene bado kibichi, na mchuzi wote unakuwa mchungu. Nimewaona vijana wakikata haraka kama mashine ili waonekane hodari, na ndoo nzima ikarudiwa na mtu mwingine. Kasi inakuja yenyewe ukishazoea jiko. Siku ya kwanza wanatafuta mkono unaorudia kitu kilekile mara mia bila kubadilika.

Lowesha kitambaa, ukikamue, ukitandike chini ya ubao ili usiteleze. Weka bakuli moja la maganda na jingine la vilivyokatwa. Kunja vidole vya mkono wa kushoto, kisu kiteleze kwenye vifundo. Ukihama na kisu, kishike chini kando ya paja, ncha ikitazama sakafu, na ukipita nyuma ya mtu sema "Nyuma yako!" kwa sauti, hata kama unaona haya. Na kisu usikiache kamwe ndani ya sinki lenye povu, kwa sababu mwenzako ataingiza mkono asikione.

Kuhusu rangi za mbao, uliza usikisie. Nyekundu karibu kila mahali ni ya nyama mbichi, lakini njano nimekuta jiko moja ni ya kuku mbichi na jiko jingine ni ya nyama iliyoiva. Ukikosea hapo, mtu anaugua. Swali hilo halitakufanya uonekane mshamba. Mimi nikiulizwa na kijana, namwekea alama nzuri moyoni papo hapo.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Siku yangu ya kwanza ya jaribio, wewe hujazaliwa bado, nilijikata kidole nikikata kabichi. Kidogo tu. Niliogopa wataniona sijui kazi, nikakizungushia kipande cha kitambaa, nikaendelea. Baada ya muda shefu akasimama karibu nami, akachota kabichi kiganjani, akaniinamishia. Kulikuwa na tone moja jekundu kwenye jani jeupe. Hakupaza sauti. Alimwaga karai lote kwenye taka, akanilipa nusu ya siku, akaniambia, "Kujikata kila mtu hujikata. Wewe umeficha." Nililia kutoka pale hadi stendi ya teksi.

Kwa hiyo ukijikata, acha kazi hapo hapo, sogea mbali na chakula, useme. Osha, weka plasta, vaa glavu juu yake. Ukiona plasta zao ni za bluu, ujue jiko hilo lina watu makini, maana hakuna chakula cha rangi hiyo na plasta ikidondoka inaonekana. Ni hivyo hivyo ukizidisha chumvi au ukiunguza kitu. Sema mapema, wakati bado kinaweza kurekebishwa. Kati ya niliowakataa, wengi walikuwa na mikono mizuri kuliko niliowachukua. Nilishindwa kuwaamini nikiwa nimewapa mgongo.

Utakapomaliza vitunguu usisimame ukingojea. Futa ubao, mwaga maganda, funika chombo, uliza kama wanaandika tarehe, halafu sema, "Nimemaliza, nifanye nini?" Simu iache kwenye mkoba. Onja kwa kijiko safi kila mara, usikirudishe kwenye sufuria. Mikono ioshwe kwenye sinki la mikono, siyo lile la mboga.

Na wewe pia uwatazame, mama yangu, kwa sababu ukichukuliwa utaishi nao kuliko utakavyoishi nami. Utakapotumwa friji, angalia haraka: nyama mbichi iko chini au imewekwa juu ya chakula kilichoiva? Vyombo vina tarehe? Tazama shefu anavyoongea na anayeosha vyombo wakati wateja wamejaa. Asubuhi kila mtu ni mpole. Saa saba mchana ndipo utajua. Tazama wafanyakazi wanakula nini na wanakula saa ngapi. Jikoni wataongea Kiganda, Kisoga na Kiingereza kwa mchanganyiko. Usipoelewa agizo, omba lirudiwe, usiitikie tu kwa adabu.

Halafu kwa upole mtafute aliyeingia karibuni, umuulize alianza lini na kama analipwa. Akikwambia yuko mwezi wa pili bado "anajaribiwa" bila malipo, elewa kwamba jiko hilo linaendeshwa kwa nguvu za vijana wa majaribio, wakichoka wanaletwa wengine. Jaribio la kweli lina siku yake, saa zake na malipo yake, na unaambiwa nani atakupa jibu na lini. Leo hii mtumie ujumbe aliyekuita, umuulize kwa adabu utalipwa kiasi gani, utaingia na kutoka saa ngapi, na kama wanataka cheti cha afya cha mpishi. Ujumbe huo usiufute.

Wakikuambia, "Umefaa, sasa njoo miezi mitatu ya majaribio," hilo ni jambo jingine. Hiyo ni ajira, ina mshahara na karatasi ya kutia sahihi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaruhusu kipindi hicho kisizidi miezi 6, na hakiongezwi bila wewe kukubali. Wakitaka kukuachisha ndani yake, wakupe taarifa ya siku 14 au mshahara wa siku 7 badala yake.

Alhamisi ulale kwa shangazi yako Iganga, nimeshazungumza naye. Ukitoka hapa Busia alfajiri, utafika umechelewa na umechoka. Viatu viwe vya kufunika vidole na soli isiyoteleza, kucha fupi, bila rangi, bila pete.

Kisu changu cha mpini mweusi nimekinoa jana usiku, nikakifunga kwa kadibodi na kamba, kiko chini ya nguo zako kwenye begi. Kabla ya kukata chochote, kipime kwanza kwenye nyanya. Kama ngozi haikatiki bila kubonyeza, kipitishe kidogo kwenye jiwe la shangazi.

Nipigie ukitoka, hata kama ni usiku.

Mama yako