Barua ya wazi kwa wanangu mnaomuuguza baba yenu kitandani

Wanangu,

Jumapili iliyopita nilikuja kumjulia hali baba yenu, nikaondoka na kero ambayo haijanitoka hadi leo. Kwa kuwa zipo nyumba nyingine nyingi zenye mgonjwa wa kiharusi anayeshinda kitandani kama yeye, nimeona nisiwaite pembeni bali niandike waziwazi, ili na wengine wasome.

Mlinipokea kwa kunihakikishia kwamba ngozi yake ni safi, kwa sababu hamjaona wekundu wowote. Nilipoomba tumgeuze, nikakuta juu ya kifandugu doa lenye upana wa kizibo cha soda, jeusi kuliko ngozi inayolizunguka na lenye zambarau kwa mbali. Mmoja wenu akasema ni harara, na kwamba amekuwa akilisugua kwa mafuta kila asubuhi. Hapo ndipo nilipokasirika, ingawa nilinyamaza mbele ya mgonjwa.

Wekundu mliokuwa mkiusubiri huonekana vizuri kwenye ngozi nyeupe. Kwa mtu wa aina hiyo, ukilibonyeza doa kwa kidole kwa sekunde 3 kisha ukaachia, ngozi yenye damu inayotembea hupauka halafu rangi ikarudi; isipopauka, kidonda cha kulalia kimeshaanza ingawa ngozi haijachanika. Kwa ngozi nyeusi kama yetu, kupauka huko mara nyingi hakuonekani kabisa, kwa hiyo atakayetegemea macho peke yake atakuja kugundua tatizo siku ngozi itakapofunguka. Ngozi yetu husomwa kwa mkono. Mlazeni mgonjwa penye mwanga wa dirisha, mweke mgongo wa kiganja juu ya doa, kisha juu ya ngozi nzima iliyo kando yake, mkilinganisha. Doa la baba yenu lilikuwa la moto kuliko jirani yake, na lilikuwa gumu kidogo. Kwa mgonjwa mwingine mnaweza kukuta pamekuwa baridi, au laini na penye majimaji ndani kama tunda lililoiva kupita kiasi. Kama anaweza kusema, muulizeni panapouma, ila msisahau kwamba upande uliopooza unaweza kuwa hausikii chochote.

Kusugua nako kuacheni leo hii. Mishipa midogo ya damu iliyo chini ya doa kama hilo imeshaumia, na kuisugua ni kuendelea kuipasua. Mafuta yapakeni kwa wepesi mahali pakavu, kamwe si juu ya doa.

Mlianza kubishana mbele yangu ni nani alikuwa zamu Jumamosi, nami nikawaambia mrudi nyuma zaidi. Madhara yanayotokea ndani kabisa, karibu na mfupa, huchukua siku 2 au 3 kabla ya kujitokeza juu kwa rangi ya zambarau. Tukahesabu hadi Alhamisi, na ikajulikana. Siku hiyo walikuja wageni, mkamwegemeza baba kwenye mito akae wima ili awasalimie, akakaa hivyo tangu asubuhi mpaka alasiri, akiteleza chini kidogo kidogo na ninyi mkimvuta juu kwa makwapa. Anapoteleza, ngozi ya matako hubaki imeng'ang'ania shuka huku mfupa ukishuka ndani yake, na mishipa iliyo kati yao hukunjika na kubanwa. Uzito wa mwili na mteleko huo vikikutana, madhara huja haraka kuliko kulala chali peke yake. Siwalaumu ninyi tu. Tuna tabia mbaya ya kutaka mgonjwa apambwe na kuketishwa kwa ajili ya macho yetu, halafu tukishaaga, kazi ya kumgeuza usiku huachiwa binti mmoja, wakati wanaume watatu wa nyumba hiyohiyo wamelala usingizi.

Basi kichwa cha kitanda kisizidi nyuzi 30, yaani theluthi ya pembe mraba, isipokuwa wakati wa kula na kwa muda mfupi baada yake. Wageni watamsalimia akiwa amelala.

Kuhusu kumgeuza, anzeni na kila saa 2, mchana na usiku, mkiandika kwenye daftari saa na upande aliowekwa. Godoro zuri la sponji nene linaweza kuruhusu muda mrefu zaidi, lakini mwamuzi ni ngozi: kila mnapomgeuza, tazameni na kugusa sehemu aliyotoka kulalia, na kama alama haijaondoka baada ya nusu saa, muda ulikuwa mrefu mno na mnapaswa kuufupisha. Msimlaze ubavu kamili, kwa maana uzito wote utaangukia mfupa wa nyonga. Mgeuzeni, mwekeni mto wa urefu nyuma ya mgongo kuanzia begani hadi matakoni, kisha mwacheni auegemee kidogo. Pitisheni kiganja chini ya kifandugu. Kikipita bila kubanwa, mmemweka vizuri. Mto mwingine ukae katikati ya magoti. Mnapomsogeza, shikeni shuka dogo lililotandikwa chini yake, watu wawili, mumnyanyue, msimburute.

Kwa kuwa doa lilikuwa la kifandugu, tulikubaliana asilale chali kabisa mpaka liondoke, bali abadilishane kushoto na kulia, na tukalichora mpaka wake kwa kalamu ili tujue kama linapanuka. Siku ya tatu mlinipigia kusema kwamba joto limepungua na ugumu umelegea. Nilifurahi, na ninawashukuru kwa kuamka usiku.

Mengine ninayataja tu. Nepi yenye mkojo au choo ibadilishwe mara moja, ngozi ioshwe taratibu na kukaushwa kwa kugusagusa, kisha ipakwe mafuta mazito ya kuzuia unyevu. Mikunjo ya shuka na vifungo vya nguo viondolewe. Pete ya mpira ya kukalia itupwe, kwa sababu hubana damu pande zote za duara lake. Apate chakula chenye protini kila mlo, kama daktari hajamkataza. Ukaguzi wa mwili mzima ufanyike angalau mara moja kwa siku, wakati wa kumwogesha, bila kusahau kisogo, masikio, viwiko na vifundo vya miguu.

Nimekiacha kisigino mwisho kwa sababu hakuna kati yenu aliyemvua soksi. Kisigino cha kulia kilikuwa na lengelenge lenye maji ya rangi ya damu, na hiyo si hatua ya kujaribu nyumbani. Ndiyo maana nilisisitiza apelekwe kituo cha afya siku ileile, na nikamkemea aliyetaka kulitoboa kwa sindano. Endeleeni kuweka mto chini ya mashavu ya miguu yote miwili, goti likiwa limekunjwa kidogo, ili visigino vielee hewani na karatasi iweze kupita chini yake. Lengelenge likipasuka, likitoa harufu au usaha, ngozi ya pembeni ikivimba na kuwa ya moto, au baba akipata homa au kuchanganyikiwa ghafla, msinisubiri mimi. Mrudisheni kituoni saa hiyohiyo.

Jumapili nitakuja tena. Soksi ziwe zimeshavuliwa, na daftari liwe juu ya meza.

Shangazi yenu